Upana wa mstari unapokupa maisha yasiyo sahihi: kutafuta kosa kwenye rezonansi ya chuma-57

Umeweka bamba la chuma kisichoshika kutu, unene mikromita 25, mbele ya chanzo cha kobalti-57. Mtambo umehesabu usiku kucha na asubuhi spektra iko safi: bonde moja tu, upana wake 0.32 mm/s kwenye nusu ya kina. Umechukua Γτ = ħ, umeingiza upana huo, na jibu likawa nanosekunde 43. Jedwali linasema ngazi ya kwanza yenye msisimko ya kiini cha chuma-57, ile ya 14.4 keV, huishi kwa wastani wa nanosekunde 142. Hesabu umerudia mara mbili na haina kosa la kalkuleta. Sasa tatizo liko wapi?

Habari njema ni kwamba katika kipimo hiki kila kosa lina alama yake. Jibu lililokosea mara mbili lina sababu yake, lililokosea mara sita lina yake, na lililokosea mara bilioni nalo lina yake. Kwa hiyo usianze kwa kubadilisha vifaa. Anza kwa kugawanya: thamani ya jedwali kwa uliyoipata, kisha tazama uwiano.

Kwanza, fomula yenyewe inadai nini

Ngazi inayooza haina nishati moja kamili. Uwezekano wa kuikuta bado ipo hupungua kwa e^(−t/τ), lakini wimbi lenyewe la ngazi hiyo, ambalo ndilo hupigwa mraba kupata uwezekano, hupungua kwa e^(−t/2τ). Ukilichambua wimbi linalofifia hivyo kwa nishati zake, unapata umbo la Lorentz:

I(E) ∝ 1 / [(E − E₀)² + (Γ/2)²]

Upana wake kamili kwenye nusu ya kimo ni Γ, na Γ = ħ/τ. Hesabu hiyo waliifanya Weisskopf na Wigner mwaka 1930, na haina makadirio ya kubahatisha: alama hapa ni ya "sawa na", si ile "kubwa kuliko au sawa" ya kanuni ya Heisenberg. Wanaoandika Γτ ≥ ħ/2 wameingiza kanuni nyingine mahali pasipo pake.

Kwa chuma-57 namba ni hizi. ħ ni 6.582×10⁻¹⁶ eV·s, na τ ni 1.42×10⁻⁷ s, hivyo Γ ni 4.64×10⁻⁹ eV. Kwenye spektra hatusomi eV moja kwa moja, tunasoma kasi ya chanzo, na mabadiliko ya nishati kwa athari ya Doppler ni E₀v/c. Kwa fotoni ya 14.41 keV, kila 1 mm/s ni 4.81×10⁻⁸ eV. Kwa hiyo upana asilia wa ngazi hii ni 0.0966 mm/s. Hiyo ndiyo namba ya kuibandika ukutani, maana dalili zote zinazofuata zinapimwa dhidi yake.

Dalili: maisha yametoka mafupi mara mabilioni

Umepata kitu kama 4×10⁻¹⁹ s. Hapa umesoma kilele kisicho chenyewe. Kigunduzi cha 14.4 keV, tuseme kihesabuji cha gesi, huonyesha kilele chenye upana wa keV moja au zaidi, na wanafunzi wengi hukiona hicho kwanza kwenye skrini kwa sababu ndicho kinachotumika kuweka dirisha la nishati. Upana ule ni wa kigunduzi. Unatokana na idadi ya elektroni zinazozaliwa ndani ya gesi kwa kila fotoni, na ungebaki vilevile hata kama ngazi ingeishi mwaka mzima. Upana wa kiini umejificha ndani yake, ukiwa mdogo kwa mara zaidi ya 10¹¹.

Ndiyo maana kipimo hiki kinahitaji kiini kingine kama kifyonzi, na vyote viwili viwe ndani ya kitu kigumu. Atomu huru ya chuma ikitoa fotoni ya 14.4 keV hurudi nyuma na kuchukua takriban 2×10⁻³ eV, yaani mara laki nne ya Γ. Mistari miwili ya chanzo na kifyonzi isingekutana kamwe. Rudolf Mössbauer alionyesha mwaka 1958, kwa kutumia iridiamu-191, kwamba ndani ya fuwele sehemu ya fotoni hutoka bila kurudisha atomu moja moja nyuma, na hizo ndizo zinazobeba upana halisi.

Dalili: uwiano ni namba unayoitambua

Jibu likitofautiana na lile la kweli kwa 6.28, umetumia h badala ya ħ. Utapata kama nanosekunde 890.

Likitofautiana kwa 0.69, umechanganya nusumaisha na wastani wa maisha. Majedwali mengi ya viini huorodhesha nusumaisha, na kwa ngazi hii ni nanosekunde 98.3. Fomula ya upana inataka τ, ambayo ni nusumaisha kugawanya kwa 0.693. Kosa hili ni la hatari kidogo, kwa sababu asilimia 30 ni ukubwa ambao mtu huulaumu mtambo na kuendelea na safari.

Likiwa refu mara mbili, tazama programu yako ya kulinganisha mkunjo inatoa nini. Nyingi hutoa kigezo ambacho ni nusu ya upana kwenye nusu ya kimo, si upana kamili. Usiamini jina la kigezo. Chora mkunjo, shuka hadi nusu ya kina, pima kwa rula kutoka ukingo hadi ukingo.

Na likiwa fupi au refu kwa 1.7, tatizo liko kwenye mizani ya kasi. Mizani hupimwa kwa bamba la chuma safi, ambalo lina mistari sita. Umbali kati ya miwili ya nje kabisa ni 10.6 mm/s, kati ya miwili inayofuata ni 6.16, na kati ya miwili ya ndani ni 1.68. Ukiendesha chanzo kwa ±4 mm/s, mistari ya nje kabisa haimo kwenye picha. Unaona minne, na ukidhani ile ya pembeni ndiyo ya 10.6, kila upana utakaousoma baadaye utakuwa umetanuliwa kwa 10.6/6.16, yaani 1.72. Hesabu mistari kabla ya kuiita majina. Kwenye bamba jembamba kina chake pia husaidia: mistari ya nje ina kina kikubwa, ya kati inafuata, ya ndani ni mifupi, kwa uwiano unaokaribia 3:2:1.

Dalili: maisha yametoka theluthi, au nusu, ya yale ya kweli

Hii ndiyo ya mfano wetu, nanosekunde 43 dhidi ya 142, na ndiyo inayowapata wengi kwa sababu hakuna aliyefanya kosa la wazi. Kuna sababu mbili zilizopandana.

Ya kwanza ni kwamba bonde unaloliona si la ngazi moja. Chanzo kina mstari wenye upana Γ, kifyonzi nacho kina mstari wenye upana Γ, na unapotelezesha mmoja juu ya mwingine unachokipata ni muungano wa maumbo mawili ya Lorentz. Maumbo ya Lorentz yakiungana, upana hujumlishwa moja kwa moja, Γ + Γ. (Kwa maumbo ya Gauss tungejumlisha miraba, na watu waliozoea mambo ya vigunduzi hufanya hivyo hapa kwa mazoea.) Kwa hiyo hata mtambo usio na dosari yoyote, wenye kifyonzi chembamba kupita kiasi, hauwezi kukupa chini ya 2 × 0.0966, yaani 0.193 mm/s. Gawanya 0.32 kwa mbili: 0.16 mm/s ni 7.7×10⁻⁹ eV, na maisha yanakuwa nanosekunde 86. Tumesogea, hatujafika.

Ya pili ni unene wa kifyonzi. Rezonansi hii ni kali sana: eneo la mtambuko kwenye kilele ni karibu 2.5×10⁻¹⁸ cm² kwa kila kiini cha chuma-57. Kwenye bamba lenye viini vingi, fotoni zenye nishati ya katikati kabisa karibu zote zimeshafyonzwa, kwa hiyo kuongeza unene hakuongezi kina pale. Pembeni ya mstari bado kuna za kufyonzwa, na pale kina kinaendelea kukua. Ni kama pazia la pili juu ya dirisha ambalo katikati tayari limeshakuwa jeusi: giza linaloongezeka ni la kingoni. Bonde linakuwa na kitako kipana, na nusu ya kina chake inaangukia mbali zaidi na katikati.

Kiasi cha tatizo hupimwa kwa unene wa rezonansi:

t = n · f · σ₀

Hapo n ni idadi ya viini vya chuma-57 kwa kila sentimita ya mraba, f ni sehemu ya matukio yasiyorudisha atomu nyuma, na σ₀ ni lile eneo la mtambuko. Tufanye hesabu ya bamba letu. Unene mikromita 25 kwa msongamano wa karibu 7.9 g/cm³ ni miligramu 20 kwa sentimita ya mraba. Aloi hizi za mstari mmoja zina kromiamu na nikeli nyingi, kwa hiyo chukua nusu tu kuwa chuma: miligramu 10. Katika chuma cha kawaida, chuma-57 ni asilimia 2.1 ya atomu. Unapata viini 2.3×10¹⁸ kwa sentimita ya mraba. Zidisha kwa 2.5×10⁻¹⁸, kisha kwa f ya takriban 0.7, na t inakuwa 4.

Bamba ambalo mkononi linaonekana jembamba kama karatasi, kwa fotoni za rezonansi ni ukuta. Kwa t isiyozidi 5, upana unaoonekana hufuata vizuri kanuni hii:

Upana ≈ Γ (2 + 0.27 t)

Kwa t = 4, mabano yanakuwa 3.08. Gawanya 0.32 kwa 3.08, unapata 0.104 mm/s, sawa na 5.0×10⁻⁹ eV, na maisha ya nanosekunde 132. Kutoka 43 hadi 132 bila kugusa kifaa chochote.

Lakini mimi nisingeiamini 132 hiyo kwa njia hii peke yake, kwa sababu imesimama juu ya f niliyoikisia na muundo wa aloi nilioukadiria. Njia iliyo bora ni kuacha unene ujisahihishe wenyewe. Tafuta mabamba membamba zaidi ya aloi ileile, au pangilia mabamba membamba moja juu ya jingine, pima upana kwa kila unene, kisha chora upana dhidi ya unene na uongeze mstari hadi unene wa sifuri. Huhitaji kujua f wala σ₀, wala asilimia ya chuma, kwa sababu vyote vimo ndani ya mteremko na havigusi mahali mstari unapokata mhimili. Kwa mfano huu, tuseme t ya 1, 2 na 4 zimetoa 0.240, 0.265 na 0.320 mm/s. Mstari unakata mhimili kwenye 0.213. Mteremko ni 0.027 kwa kila t, na kanuni ilitarajia 0.27 × 0.0966, yaani 0.026. Mteremko ukikubaliana hivyo, unajua kwamba unene umeueleza vizuri, na kilichobaki ni kitu kingine.

Nusu ya 0.213 inatoa nanosekunde 129. Kumbuka kwamba hii iko chini kidogo ya 132 na bado ndiyo ninayoichukua, kwa sababu imetoka kwenye vipimo vitatu na haina makisio ndani yake.

Dalili: unene umeshaondolewa, mstari bado mpana

Tofauti iliyobaki ni 0.213 dhidi ya 0.193, yaani 0.02 mm/s. Wanafunzi hupenda kuandika hapa "makosa ya majaribio" na kufunga daftari. Inafaa kuchimba kidogo, kwa sababu sababu zinazowezekana ni chache na zinatofautishika.

Anza na aloi yenyewe. Katika chuma kisichoshika kutu, atomu moja ya chuma ina majirani wa kromiamu wengi, nyingine ina wa nikeli wengi, na kila mpangilio husogeza rezonansi kidogo. Bonde moja unaloliona ni mabonde mengi yaliyolala karibu karibu. Badilisha kifyonzi: ferosianidi ya potasiamu pia ina mstari mmoja, na kila atomu yake ya chuma imezungukwa vilevile na makundi sita ya sianidi. Rudia kuongeza mstari hadi sifuri. Ukikata mhimili karibu na 0.193 sasa, mshtakiwa alikuwa aloi. Ukikata palepale, rudi kwenye chanzo.

Chanzo kinazeeka kwa namna mbili. Kobalti-57 ina nusumaisha ya siku 272, hivyo hesabu hupungua, hilo kila mtu anaona. Lisiloonekana ni kwamba kila kobalti iliyooza imeacha chuma-57 ndani ya chanzo, na chuma hicho kinafyonza fotoni za rezonansi kabla hazijatoka. Chanzo kinakuwa na unene wake mwenyewe. Mstari wake unapanuka mwaka hadi mwaka, na hakuna kifyonzi kipya kitakacholiponya hilo. Ukiwa na chanzo kipya cha kuazima kwa siku moja, ulinganisho mmoja unatosha.

Mtetemo nao ni mshukiwa wa kawaida. Kasi tunazozizungumzia ni ndogo mno: upana mzima wa bonde ni theluthi ya milimita kwa sekunde. Pampu ya maji kwenye chumba cha jirani, feni ya kompyuta iliyo kwenye meza moja na kiendeshi, hata bamba ambalo halijabanwa sawasawa kwenye kishikio chake, vyote huongeza kasi ya ukubwa huo. Alama ya mtetemo wa kubahatisha ni umbo. Mstari wa Lorentz una mikia mirefu: upana wake kwenye sehemu ya kumi ya kina ni mara 3 kamili ya upana kwenye nusu ya kina. Kwa umbo la Gauss uwiano huo ni 1.82. Pima uwiano huu kwenye kifyonzi chako chembamba zaidi. Ukikuta 2.7 badala ya 3, kuna kitu cha aina ya Gauss kimeingia, na kabla ya kuchunguza fizikia yoyote zima feni, kaza skrubu na upime tena.

Halafu kuna mkunjo wa spektra. Mtambo unaoendeshwa kwa kasi ya pembetatu hupita kila kasi mara mbili, ukienda na ukirudi, na programu hukunja nusu mbili ziwe moja. Mahali pa kukunjia pakikosewa, mabonde mawili hupandana bila kulingana na jumla yake huwa pana. Jaribio lake ni rahisi kuliko yote: usikunje. Linganisha mkunjo kwa kila nusu peke yake. Upana wa kila nusu ukiwa 0.20 na wa iliyokunjwa ukiwa 0.22, tatizo liko kwenye programu na chanzo chako hakina hatia.

Neno moja kuhusu vitu ambavyo havipanui mstari, maana watu hupoteza siku wakivirekebisha. Bonde kutokuwa kwenye kasi ya sifuri ni kawaida: msongamano wa elektroni kwenye kiini hutofautiana kati ya chanzo na kifyonzi, na mahali pa katikati hapamo kwenye hesabu ya maisha. Bonde kuwa na kina kidogo nako si kosa la upana. Fotoni za 122 keV zinazotawanyika na kuangukia ndani ya dirisha la 14.4 keV huongeza hesabu sawa kwa kila kasi, na huinua sakafu bila kugusa kingo. Zitakugharimu muda wa kuhesabu na si zaidi.

Dalili: mstari ni mwembamba kuliko unavyoruhusiwa

Umepata 0.17 mm/s. Usifurahi. Chini ya 0.193 hakuna chanzo na kifyonzi cha kawaida kinachoweza kufika, kwa hiyo mtambo unakudanganya mahali fulani.

Sababu ya kwanza kuitazama ni mizani ya kasi, kwa mara nyingine, safari hii ikiwa imepunguzwa badala ya kutanuliwa. Ya pili ni dirisha finyu la kasi. Mtu hutaka nukta nyingi juu ya bonde, kwa hiyo anaendesha kwa ±0.5 mm/s tu. Lakini mkia wa Lorentz hauishi haraka. Kwa bonde lenye upana wa 0.30, kwenye 0.5 mm/s kutoka katikati bado kina ni asilimia 8 ya kina chote. Programu ikidhani hapo ndipo sakafu ilipo, inaishusha sakafu, inafupisha bonde, na nusu ya kina inapanda au kushuka mahali pasipo pake: upana unatoka mdogo. Kwa ±4 mm/s mkia umeshuka hadi karibu sehemu 1.4 kwa elfu, na sakafu ni sakafu kweli. Kama ni lazima uendeshe kwa dirisha dogo, pima kwanza sakafu kwa dirisha kubwa na uifunge kwenye hesabu.

Dalili: mtu amezidisha kwa tisa na kitu

Hili hutokea kwa waliosoma zaidi. Ngazi ya 14.4 keV haitoi fotoni kila inapooza. Mara nyingi nishati yake hukabidhiwa elektroni ya atomu, na uwiano wa elektroni kwa fotoni ni takriban 8.5 kwa 1. Kwa hiyo fotoni hutoka karibu mara moja kati ya kumi. Kutokana na hapo mtu anafikiri: mimi nimepima fotoni, basi upana niliousoma ni wa njia ya fotoni peke yake, na anazidisha upana kwa 9.5 ili kupata jumla.

Sivyo. Upana wa kila njia ya kuoza hujumlishwa, Γ = Γ(gama) + Γ(elektroni), na mstari unaouona kupitia njia yoyote ile una upana wa jumla. Wimbi la ngazi linafifia kwa kasi moja tu, na fotoni inayotoka haijui kama ingekuwa elektroni. Ukipima elektroni zinazorudi kutoka kwenye uso wa kifyonzi badala ya fotoni zinazopita, utapata kilele badala ya bonde, na Γ ileile. Uwiano wa njia unaingia kwenye ukubwa wa σ₀, yaani kwenye kina. Γ(gama) peke yake ni kama 4.9×10⁻¹⁰ eV, na "maisha" ya mikrosekunde 1.3 yanayotokana nayo ni namba ya kufanyia hesabu, hakuna kiini kinachoyaishi.

Ukitaka kuhukumu kwa saa

Ngazi hii ina bahati ambayo ngazi nyingi hazina: maisha yake ni marefu ya kutosha kupimwa kwa saa na mafupi ya kutosha kupimwa kwa upana. Kobalti-57 hunasa elektroni na kugeuka chuma-57 kwenye ngazi ya 136 keV. Ngazi hiyo mara nyingi hutoa fotoni ya 122 keV na kushuka hadi 14.4 keV, na sekunde hiyo ndipo kuzaliwa kwa ngazi yetu. Weka kigunduzi kimoja kwenye 122 kianzishe saa, kingine kwenye 14.4 kiizime, na chora idadi dhidi ya muda kwenye mhimili wa logariti. Unapata mstari ulionyooka, na mteremko wake ni 1/τ, bila unene wa kifyonzi, bila aloi, bila kujumlisha Γ mbili. Ukiweka jibu hilo pembeni ya 129 ya mfano wetu, ile asilimia 9 inayopungua ni ya mstari uliopanuka na si ya kiini.

Ila usichanganye mipangilio hiyo miwili bila kujua unachofanya. Ukiweka saa kwenye mtambo wa kasi na kuchukua fotoni za 14.4 keV zilizotoka mapema tu, tuseme ndani ya nanosekunde 50 baada ya ile ya 122, bonde linapanuka, kwa kuwa wimbi lililokatwa mapema halina urefu wa kutosha kuwa na nishati kali. Ukichukua zilizochelewa tu, bonde linakuwa jembamba, hata chini ya 0.193. Yote mawili yameshapimwa, na hakuna kati yake linalobadilisha τ. Upana unaopatikana hivyo umetokana na viini ulivyovichagua, kwa hiyo Γτ = ħ haitumiki kwake hadi urudishe fotoni zote kwenye hesabu.